Mapazia ya mota kwa madirisha ya juu Mwanza: kukokotoa nguvu ya mota na kuchagua kati ya betri na waya

Nyumba nyingi zilizojengwa kwenye miteremko ya Capri Point, Bwiru na Luchelele huelekeza sebule zake upande wa magharibi, kwa sababu huko ndiko ziwa liliko. Dirisha refu linaloanza juu ya kimo cha mtu na kupanda hadi karibu na paa huipa sebule hiyo mandhari nzuri ya Ghuba ya Mwanza, lakini kuanzia saa tisa alasiri huleta pia jua lililoinama pamoja na mwanga mwingine unaorudishwa na maji na kupanda mteremko hadi kwenye dari. Pazia la kuvuta kwa mkono halifai hapo, maana hakuna mkono unaolifikia. Ndipo watu wanaponunua pazia la rimoti, na ndipo makosa mawili hutokea mara kwa mara: mota huchaguliwa kwa kukisia ukubwa wa dirisha, na namna ya kuipatia umeme huamuliwa baada ya mota kununuliwa.

Mwongozo huu unafuata dirisha moja la aina hiyo kuanzia vipimo hadi majaribio. Lina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 3.2, na ukingo wake wa chini uko mita 2.6 kutoka sakafuni, kwa hiyo ukingo wa juu uko mita 5.8. Tutalifunga pazia la kuviringika, yaani kitambaa kimoja kinachojikunja kwenye bomba la alumini ambalo mota imefichwa ndani yake. Reli za mapazia ya kitambaa yanayofunguka kwa pembeni nitazieleza baadaye, kwa sababu hesabu yake ni tofauti.

Hatua ya kwanza: pima uzito, si dirisha

Mota haijui ukubwa wa dirisha. Inachokihisi ni uzito unaoning'inia na umbali wa uzito huo kutoka katikati ya bomba. Kwa hiyo anza na kitambaa. Muuzaji mzuri atakutajia uzito wake kwa mita moja ya mraba, na vitambaa vingi vya kuzuia jua huwa kati ya gramu 350 na 550. Kama hana takwimu hiyo, omba kipande cha ukubwa unaojulikana, kiweke kwenye mizani ya jikoni, kisha gawanya uzito uliopata kwa eneo la kipande hicho.

Katika dirisha letu tutatumia kitambaa cha gramu 450. Urefu wa kukatwa si mita 3.2 bali mita 3.4, kwa kuwa kitambaa kinapaswa kupita ukingo wa dirisha na kubakiza mzunguko mmoja au miwili kwenye bomba hata pazia likiwa limeshuka kabisa. Eneo ni 2.4 kwa 3.4, sawa na mita za mraba 8.2 hivi, na uzito wa kitambaa ni kilo 3.7. Ongeza fimbo ya alumini inayokaa chini ili kukinyoosha kitambaa. Tuseme ina gramu 350 kwa kila mita, yaani kilo 0.84 kwa upana wote. Jumla ni kilo 4.5.

Fimbo ya chini husahaulika sana, na katika eneo la ziwa ina kazi ya ziada. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na dirisha likiwa wazi, kitambaa chenye fimbo nyepesi hupepea na kugonga kioo. Wengi hutatua tatizo hilo kwa kuongeza chuma ndani ya fimbo. Ni njia sahihi, lakini chuma hicho kiingizwe kwenye hesabu kabla ya mota kununuliwa.

Hatua ya pili: geuza uzito kuwa nguvu ya kuzungusha

Nguvu ya mota za mapazia ya kuviringika huandikwa kwa nyutoni-mita, na kwenye kibandiko cha mota utaiona kama `Nm`. Hesabu yake ni hii:

```
Nm = kilo × 9.8 × nusu ya kipenyo cha bomba (kwa mita)
```

Tukichagua bomba la kipenyo cha milimita 50, nusu yake ni milimita 25, yaani mita 0.025. Kwa hiyo 4.5 × 9.8 × 0.025 inatupa 1.1. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika kuushikilia uzito usishuke. Ili kuunyanyua, mota inapaswa pia kushinda msuguano wa ncha za bomba na unene wa mizunguko ya kitambaa iliyobaki juu yake. Mimi huongeza asilimia 40 kwa ajili hiyo, na kama pazia litapita kwenye mifereji au waya za pembeni za kulizuia lisipepee, huongeza zaidi. Asilimia 40 juu ya 1.1 inatupeleka 1.5, na mota ya ukubwa unaofuata sokoni ni ya 2 `Nm`. Hiyo ndiyo ya dirisha hili.

Hesabu imefanywa pazia likiwa limeshuka lote kwa sababu hapo ndipo mzigo ni mkubwa kabisa. Kadiri kitambaa kinavyojikunja, bomba hunenepa na umbali kutoka katikati huongezeka, lakini uzito unaoning'inia hupungua kwa kasi kubwa zaidi. Pazia letu likifika juu, roli lote lina nusu kipenyo cha milimita 34 hivi, lakini kilichobaki kuning'inia ni fimbo tu, na mota haifanyi kazi kubwa. Jambo hili lina faida wakati wa kutafuta hitilafu: mota iliyochaguliwa ndogo hushindwa kuanza kutoka chini. Ikianza vizuri na kukwama katikati, chanzo ni kingine.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini asitumie bomba jembamba la milimita 38, maana kwa hesabu hiyohiyo nguvu inayohitajika inashuka hadi 0.84 na mota inakuwa ndogo na nafuu. Kwa upana wa mita 1.5 ningekubali. Kwa mita 2.4 bomba jembamba hupinda katikati kwa uzito wake na wa kitambaa, na kupinda huko huonekana kama mikunjo miwili mirefu inayokutana kwa umbo la V. Kitambaa hakiharibiki siku ya kwanza, lakini kingo zake hukunjika bila usawa na pazia huanza kuhama upande mmoja. Unene wa bomba huamuliwa na upana wa dirisha. Mota huamuliwa baada ya hapo.

Vilevile si busara kununua mota kubwa kupita kiasi kwa kudhani kwamba nguvu ya ziada haidhuru. Mota ya 6 `Nm` ikikutana na fimbo iliyokwama kwenye kitasa cha dirisha, inaweza kuendelea kuvuta hadi kitambaa kichanike au breketi ing'oke, na ukiwa mita tano chini yake huwezi kuwahi. Mota inayokaribiana na mzigo wake huhisi kizuizi mapema, hasa zile zenye uwezo wa kusimama zenyewe.

Hatua ya tatu: amua umeme utafika wapi

Kwa madirisha ya kawaida suala la betri au waya ni la urahisi tu. Kwa dirisha la mita 5.8 ni suala la usalama, kwa sababu kila kitu kinachohitaji mkono kule juu kinahitaji ngazi ndefu au jukwaa, na sebule yenye sakafu ya vigae vinavyoteleza si mahali pa kupanda ngazi hovyo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba sehemu yoyote inayohitaji kuchajiwa, kuzimwa au kubadilishwa ishushwe hadi mkono wa mtu aliyesimama sakafuni unapofika. Kilichobaki juu kiwe mota na bomba pekee.

Tuanze na betri. Mota ya 2 `Nm` ya betri kwa kawaida hutumia betri ya lithiamu ya volti 11.1, na uwezo wa miliampea-saa 2,600 ni wa kawaida. Tuseme mota yetu huvuta ampea 1.5 ikipandisha na 0.7 ikishusha. Kwa mizunguko 28 kwa dakika na bomba la milimita 50, safari moja huchukua sekunde 40 hivi. Kupanda kutatumia miliampea-saa 17 na kushuka 8, jumla 25 kwa siku kama pazia linashushwa na kupandishwa mara moja. Sehemu ya redio inayosubiri amri ya rimoti nayo haizimi. Ikivuta miliampea moja tu, baada ya saa 24 imetumia 24. Kwa maneno mengine, kusubiri hula betri sawa na kufanya kazi.

Ukitumia asilimia 80 ya betri, una miliampea-saa 2,080 za kugawa kwa 49 kwa siku, nazo zinakupa wiki sita. Ukishusha na kupandisha mara mbili kwa siku, zinabaki wiki nne. Kwa hiyo unapoona kwenye boksi ahadi ya miezi sita au mwaka, uliza ni kwa pazia la uzito gani na kwa safari ngapi. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini mota nyingi za betri haziunganishwi moja kwa moja na Wi-Fi bali hupokea redio nyepesi kupitia kisanduku cha kuunganisha kilichochomekwa kwenye soketi. Kifaa cha Wi-Fi kinachovuta miliampea 50 bila kupumzika kingemaliza betri hii kwa siku mbili.

Kuchaji kila baada ya wiki sita si tatizo kama hupandi ngazi. Nunua mota ambayo betri yake iko nje ya bomba, au yenye mdomo wa kuchajia unaoweza kurefushwa, kisha teremsha waya wa kuchajia kwenye pembe ya fremu ya dirisha hadi chini. Hapa unene wa waya una maana. Chaja ya volti 5 inayopitisha ampea 2 kwenye waya mwembamba kama ule wa simu, kwa urefu wa mita 3, hupoteza karibu volti nzima njiani, na betri huchaji polepole mno au haichaji kabisa. Chaja ya volti 12.6 yenye ampea 1 kwenye waya wa milimita za mraba 0.75, kwa urefu wa mita 4, hupoteza volti 0.2 tu, na upotevu huo hupungua kadiri betri inavyokaribia kujaa. Kwa madirisha ya juu, chagua mfumo wa chaja ya volti 12.6.

Paneli ndogo ya sola inayobandikwa nyuma ya kioo ni njia ya pili, na kwa matumizi madogo tuliyokokotoa inaweza kutosha. Matumizi yetu kwa siku ni kama nusu ya wati-saa moja. Paneli ya wati 2 inayotoa robo ya uwezo wake kwa saa tatu za alasiri hutoa wati-saa 1.5. Hata hivyo, angalia kwanza mambo yanayolizuia jua: paa lililochomoza sana, wavu wa kuzuia wadudu, na hasa kioo cha rangi au cha kuakisi, ambacho ni cha kawaida katika nyumba mpya. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwezi Desemba. Dirisha la magharibi hupata jua la alasiri mwaka mzima, lakini paneli ya dirisha la kusini itanyimwa jua la moja kwa moja kwa miezi mingi.

Tatizo kubwa zaidi la sola kwenye dirisha la magharibi ni joto. Betri za lithiamu kwa kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzi joto 45, na nafasi iliyo kati ya kioo na kitambaa chini ya dari inaweza kupita kiwango hicho alasiri, wakati uleule ambao paneli inachaji. Betri zenye kinga huacha kuchaji hadi zipoe, na zisizo na kinga nzuri huzeeka haraka. Dalili yake ni betri inayokaa na chaji kwa muda mfupi zaidi kila baada ya miezi michache. Betri iliyo ndani ya bomba haina pa kukimbilia. Iliyo nje unaweza kuifunga upande wa chumbani, nyuma ya kasha, mbali na kioo, na kitambaa chenye mgongo mweupe unaotazama nje hupunguza joto la eneo lote.

Sasa waya. Kama nyumba haijapigwa plasta, sioni sababu ya kuchagua betri. Pitisha paipu za umeme hadi juu ya kila dirisha refu na uvute ndani yake waya wa volti 24, huku adapta ikikaa chini, ndani ya kabati au karibu na meni swichi. Mota ya volti 24 inayovuta ampea 2, ikiwa umbali wa mita 15 kwa waya wa milimita za mraba 1.5 ambao mafundi huutumia kwa taa, hupoteza volti 0.7 tu. Linganisha na mota ya volti 12 inayovuta ampea 3 kwa umbali huohuo kupitia waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5: zaidi ya volti 3 hupotea, mota inabaki na volti chini ya 9, na pazia lililopandishwa bila shida mezani hushindwa kupanda likiwa ukutani. Mnunuzi atalaumu mota wakati kosa ni la waya.

Mfumo wa volti 24 una faida nyingine hapa kwetu. Umeme wa TANESCO ukikatika, mota ya volti 230 isiyo na mpini wa dharura hubaki pale ilipo, na kama pazia liko juu saa tisa alasiri, litabaki juu. Adapta ya volti 24 iliyounganishwa na betri ya akiba chini kabatini huendelea kufanya kazi, na betri hiyo iko mahali pa baridi panapofikika. Mota za volti 230 ninaziacha kwa mapazia mazito sana, yanayohitaji 6 `Nm` au zaidi. Anayezichagua akumbuke mambo mawili. Kwanza, mota mbili za aina hiyo hazifungwi pamoja moja kwa moja kwenye swichi moja, kwa sababu moja ikifika kikomo kabla ya nyingine, umeme hurudi kupitia kwayo na vikomo huharibika. Kila mota iwe na njia yake au kidhibiti maalumu. Pili, kama zitatumia inveta, iwe ile inayotoa mawimbi laini kama ya umeme wa kawaida. Inveta za bei ya chini huzifanya mota hizi zivume na kupata moto.

Kuhusu radi ni lazima niseme kwa uzito. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu unaopita chini ya paa hubeba mshtuko wa umeme hadi kwenye vifaa dhaifu vya mota hata radi ikipiga mbali kidogo. Kifaa cha kuzuia mshtuko hufungwa kwenye meni swichi, lakini hakina maana bila ardhi nzuri ya umeme, na kwenye vilima vya mawe vya Mwanza ardhi nzuri haipatikani kwa kugongelea fimbo moja ya shaba. Fimbo hugonga jiwe na kusimama. Huko hulazimu kulaza waya wa shaba au fimbo kadhaa kwenye mtaro mahali penye udongo, kisha upinzani wa ardhi upimwe kwa kifaa. Kazi hii, pamoja na yoyote ya volti 230, ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Kwa nyumba yetu ya mfano, iliyokwisha kupigwa plasta na rangi, nachagua mota ya betri ya nje ya 2 `Nm`, betri ikiwa upande wa chumbani na waya wa chaja ya volti 12.6 ukishuka kwenye pembe ya fremu. Kama ingekuwa bado matofali, ningevuta waya wa volti 24 bila kusita.

Reli ya pazia la kitambaa: hesabu nyingine

Pazia linalofunguka kwa pembeni halinyanyuliwi, linaburutwa. Kwa hiyo uzito wake wote si mzigo wa mota; mzigo ni msuguano wa magurudumu kwenye reli. Pazia la reli ya mita 4 na urefu wa mita 5, lililoshonwa kwa upana maradufu ili kupata mikunjo, ni mita za mraba 40. Kwa kitambaa cha gramu 300 hizo ni kilo 12, na ukiongeza bitana ya gramu 200 unafika kilo 20.

Njia bora ya kujua nguvu inayohitajika ni kupima. Funga reli na pazia lake kwa muda kwenye kimo cha chini, chukua mizani ya kuning'iniza ya ndoano kama zile za wauza samaki wa Mwaloni, iweke kwenye gurudumu la mbele la pazia na uvute kwa ulalo, taratibu. Hakikisha kwanza kwamba mizani inarudi kwenye sifuri ikiwa imelazwa. Tuseme inasoma kilo 2.5, sawa na nyutoni 25. Kama gurudumu la mkanda ndani ya mota lina nusu kipenyo cha sentimita 1.5, mota inahitaji 25 × 0.015, yaani chini kidogo ya 0.4 `Nm`. Mota ya reli ya 1.2 `Nm` itatosha kwa nafasi kubwa, hata mkanda ukichukua sehemu yake. Lakini reli ikipindwa kona, pima tena pazia likipita kwenye kona hiyo, kwa sababu ndipo usomaji hupanda, na kona kali inaweza kuuongeza maradufu.

Uzito wa kilo 20 haubebwi na mota, lakini unabebwa na dari. Reli isifungwe kwenye jipsamu peke yake. Tafuta mbao au zege iliyo juu yake, na kama haipo, funga reli ukutani kwa breketi.

Hatua ya nne: kufunga

Kabla ya kitu chochote kupanda jukwaani, fanya yote yanayowezekana sakafuni. Ingiza mota kwenye bomba, iunganishe na rimoti, jaza betri hadi mwisho, kisha lilaze bomba kwenye viti viwili na uangalie linazunguka upande gani. Kama linashusha unapobonyeza kupanda, geuza mwelekeo sasa. Kwa mota nyingi hilo hufanywa kwa vibonye vya rimoti kwa dakika moja, lakini baadhi yake hudai ubonyeze kitufe kilicho kwenye kichwa cha mota, ambacho kesho kitakuwa mita 5.8 juu yako.

Angalia pia waya mwembamba wa antena unaotoka kwenye kichwa cha mota. Usiukate wala kuuzungusha kwenye chuma. Bomba la alumini huzuia redio, na antena iliyofichwa ndani ya bomba au kubanwa nyuma ya breketi ndiyo sababu kuu ya rimoti kufanya kazi ukiwa chini ya dirisha na kukataa ukiwa mlangoni.

Breketi mbili zipimwe kwa pima maji ndefu au kwa mpira wa maji, wala zisipimwe kutoka kwenye fremu, kwa kuwa fremu nyingi zenyewe hazikunyooka. Tofauti ya milimita chache tu hufanya kitambaa kihame kuelekea upande mmoja kila kinapojikunja, hadi ukingo usuguane na breketi na kuanza kuchambuka. Tumia jukwaa lenye watu wawili juu, mmoja kila ncha. Bomba la mita 2.4 lenye kitambaa halifungwi na mtu mmoja kwenye ngazi.

Vikomo viwekwe baada ya pazia kuning'inia saa kadhaa, kwa kuwa kitambaa kipya hunyooka kidogo. Kikomo cha juu kiache fimbo sentimita chache chini ya bomba ili isiingie ndani ya kasha, na cha chini kisimame kabla fimbo haijakaa kwenye ukingo wa dirisha, la sivyo kitambaa hulegea na mzunguko unaofuata hujikunja ovyo. Kisha pandisha na kushusha mara tatu mfululizo ukitazama kingo zote mbili.

Kutambua hitilafu

Pazia likigoma kuanza kutoka chini huku mota ikivuma, lisaidie kwa kunyanyua fimbo kidogo kwa mti mrefu. Likipanda baada ya hapo, mota ni ndogo au volti ni pungufu. Kutofautisha, pima volti kwenye ncha ya waya ya upande wa mota wakati mota ikifanya kazi, wala si ikiwa imetulia, kwa sababu upotevu wa waya huonekana umeme unapopita tu. Kwenye mfumo wa volti 24, usomaji ukishuka chini ya 22, tafuta waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Ukibaki karibu na 24, rudi kwenye hesabu ya uzito.

Pazia linalosimama mahali palepale kila mara lina kizuizi au kikomo kilichowekwa vibaya. Linalosimama mahali tofauti baada ya kutumiwa mara nyingi mfululizo limepata moto, na mota za volti 230 hujizima baada ya dakika chache za kazi mfululizo hadi zipoe. Hiyo si hitilafu. Linaloshuka lenyewe polepole usiku lina breki ya mota iliyochoka au iliyozidiwa, na halirekebishwi kwa rimoti.

Msimu wa wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama wingu na kufuata mwanga, pandisha mapazia kabla ya kuwasha taa ikiwa madirisha hayana wavu. Wakikunjwa ndani ya kitambaa huacha madoa ya mafuta yasiyotoka kirahisi, na kwenye reli mabaki yao hushikamana na vumbi mpaka magurudumu yanaacha kuzunguka na kuanza kuburuzwa. Ukisikia reli ikikwaruza, rudia kipimo cha mizani. Kama kilo 2.5 zimekuwa 4, safisha reli kwa brashi kavu na kitambaa chenye unyevu kidogo, na usiipake mafuta ya kulainisha, kwa sababu mafuta huwanasa wadudu wa msimu unaofuata.